Mama Neema, kuhusu ile hela ya makopa

Mama Neema mwadila, habari za Nyakato na habari za kiwanda. Huku Sengerema wazima, mama Kulwa anakusalimia sana na anauliza kama Neema alishapona ile malaria. Samahani kwa meseji ndefu, nimepiga simu jana na juzi haipokelewi, afu yule kijana wa ofisini kila nikimpata ananiambia bosi yupo kwenye kikao, nikaona bora niandike yote hapa usome ukiwa umetulia, na ibaki kama kumbukumbu kwako na kwangu.

Ni ile hela ya makopa ya muhogo dada yangu. Leo ni tarehe 22 Septemba na hesabu iko hivi, nimeitoa kwenye karatasi za mizani yako mwenyewe siyo kichwani kwangu. Mzigo wa kwanza ulifika kwako tarehe 28 Julai, gunia 44, kilo 2,860. Wa pili ukaja tarehe 9 Agosti, kesho yake ya Nanenane, gunia 49, mizani ikasoma kilo 3,220, ukakata kilo 40 kwa ajili ya yale magunia yaliyokuwa na unyevu, nikakubali, zikabaki 3,180. Bei tulisikilizana 650 kwa kilo. Kwa hiyo wa kwanza ni 1,859,000 na wa pili ni 2,067,000, jumla 3,926,000. Tarehe 20 Agosti ulinirushia 900,000, niliipata na nilikushukuru. Kilichobaki ni 3,026,000. Picha za karatasi zote mbili zenye sahihi ya kijana wako wa mizani nakutumia chini hapo, kama kuna namba unaiona tofauti niambie leo leo tuilinganishe, sitaki tuje kubishana baadae.

Makubaliano yetu yalikuwa siku 14 baada ya mzigo kupokelewa. Maana yake hela ya mzigo wa kwanza ilitakiwa iwe imeisha tarehe 11 Agosti na ya pili tarehe 23. Sa hivi Septemba inaisha. Mwanzoni ulisema subiri wiki, nikasubiri, ukasema subiri mwisho wa mwezi, nikasubiri, mwisho wa mwezi ukapita ukasema wale wateja wako wa jumla wa unga nao hawajakulipa. Mi hilo nalielewa kabisa, najua biashara ya unga ilivyo, unapeleka dukani wanakwambia njoo tarehe fulani, ukienda unakuta wameuza pakiti zote na hela hamna, huku umeme wa mashine unataka luku na vijana wa kufungasha wanataka posho. Sikatai. Ila Mama Neema tuambizane ukweli, mteja wako akichelewa kukulipa wewe hilo ni jambo lako na yeye, halitakiwi lishuke mpaka kwangu, kwa sababu mi siwajui hao watu na sikuwauzia wao. Nilikuuzia wewe, na wewe uliupokea mzigo ukaukagua.

Na ulikagua vizuri, hilo nakupa sifa yako. Nakumbuka ule mzigo wa pili ulifungua gunia moja moja, ukawa unachukua kopa katikati ya gunia siyo la juu, unalivunja karibu na sikio, likilia kaa unarudisha, likipinda bila kulia unaweka pembeni. Yale uliyoweka pembeni ndo yalikatwa zile kilo 40. Kwa hiyo hapa hatuongelei mzigo mbovu wala mzigo wenye mgogoro, makopa yalikuwa meupe, makavu, hayana ukungu wala mchanga, na nasikia unga wake ulishatoka zamani.

Kitu ambacho pengine hukijui ni kwamba ile hela siyo yangu peke yangu. Wewe ulitaka tani nyingi kwa mkupuo, shamba langu halitoi zote hizo, kwa hiyo nilichukua na kwa majirani. Gunia 9 ni za bibi mmoja hapa jirani, mihogo aliichimba mwenyewe, akamenya mwenyewe na wajukuu, akaanika juu ya turubai nililomwazima mimi, na aliniamini kwa mdomo tu. Kila asubuhi anapita kuchota maji, haniulizi kitu, ananisalimia tu anaangalia pembeni. Afadhali angenigombeza. Wengine hawakai kimya kama yeye, wapo walioanza kusema nimekula hela nimejengea, na hapa kijijini maneno kama hayo yakishatoka hata ukija kulipa yanabaki. Nilipe kwa hela yangu sina, kwenye kikoba tayari nadaiwa, mkopo niliouchukua kulipa vibarua wa kuchimba na kumenya na nauli ya kanta ulitakiwa urudi mwishoni mwa Agosti na faini inapanda kila wiki.

Afu kuna msimu. Mvua zinaanza kuchungulia, watu wameshaanza kutifua. Wewe mwenyewe uliniambia mwakani unataka mzigo mkubwa zaidi, na unataka watu wapande mbegu safi zisizo na batobato wala michirizi kahawia, zile zinazotokana na utafiti wa Ukiriguru, siyo hizi za kuokota kwa jirani ukipanda unachimba mizizi imeoza ndani. Nimekubaliana na wewe asilimia mia maana michirizi imetutesa sana, unaona mti umesimama vizuri na majani ya kijani, ukichimba na kukata muhogo unakuta ndani kuna madoa ya kahawia makavu, huwezi kula wala kukausha. Lakini pingili safi zinanunuliwa na lazima zipandwe sasa hivi ardhi ikiwa na unyevu. Nisipozipata sasa napanda zile zile za zamani na mzigo wako wa mwakani ndo unaharibikia hapo. Kwa hiyo hii hela ukiikalia wewe inakurudia wewe mwenyewe.

Sasa mzigo wa tatu. Uliniuliza wiki iliyopita kwa yule kijana kama upo, ndiyo upo, kama gunia 50 hivi, umekauka na umepangwa stoo juu ya mbao. Nisikufiche, kuna wachuuzi wamekuja na fuso wanatoa 560 kwa kilo, hela mkononi kabla gunia halijapanda gari. Ni 90 chini ya bei yako na wale mizani yao mi siiamini hata kidogo, wanataka kupima kwa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu wanaliita gunia moja. Sijawapa. Nimewaambia mzigo una mwenyewe. Ila siwezi kuwaambia hivyo mwezi mzima, maana makopa hayakai, dumuzi akiingia stoo (wazee walikuwa wanamwita skania) ndani ya muda mfupi unabaki na vumbi kwenye gunia. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mzigo wa tatu ni wako kwa bei ile ile 650, lakini haupakiwi kwenye gari mpaka sehemu ya kwanza ya deni iwe imeingia. Sikutishi dada, ni hao majirani, hawanipi tena hata gunia moja la mkopo, na mi ningekuwa wao nisingetoa.

Najua kukwambia lipa zote kesho ni kukuonea, kwa hiyo naomba tufanye hivi. Ijumaa hii tarehe 26 Septemba uniwekee 1,600,000. Hiyo itamaliza majirani wote na kikoba nitakipunguza. Iliyobaki, 1,426,000, iwe imeingia Ijumaa ya tarehe 10 Oktoba. Akaunti ni ile ile ya NMB uliyotumia mwanzo, jina unalijua, tafadhali usitume kwa mtu mwingine hata akikwambia nimemtuma mimi. Ikiingia ile ya Ijumaa, Jumamosi asubuhi kanta inapakia mzigo wa tatu, na kwa jinsi daraja la Kigongo Busisi lilivyoturahisishia tangu lifunguliwe mwezi wa 6, kabla ya saa sita mchana utakuwa unavunja makopa hapo getini. Mzigo unavuka dakika chache siku hizi, hela yangu ndo naona bado iko kwenye foleni ya kivuko, hahaha.

Kama Ijumaa kiasi hicho hakiwezekani, niambie kabla, na niambie kinachowezekana kweli. Ukisema laki 8 Ijumaa na nyingine Jumatano, nitakaa na majirani niwaeleze na wataelewa maana watakuwa na tarehe ya kushika. Kinachoniumiza siyo hata kuchelewa, ni kimya. Simu ikiita mpaka ikakatika mi nabaki sina cha kumwambia mtu, naanza kuonekana tapeli kwenye mlango wangu mwenyewe. Hata meseji ya neno moja inatosha.

Na kwa huu mzigo wa tatu na inayofuata naomba tubadilishe utaratibu kidogo, nusu unalipa hapo hapo kwenye mizani tukishakubaliana kilo, nusu ndani ya siku 14, na tuandike kwenye karatasi tusaini wote wawili, tarehe iandikwe. Mpaka sasa tumekwenda kwa kuaminiana na sijutii, msimu uliopita ulinilipa kabla hata ya muda na ulinipa turubai mbili bila kuniandikia deni, hilo sijasahau na ndo maana nimekuandikia wewe kwanza kabla ya kwenda kwa mtu yeyote. Majirani walishataka twende kwa mtendaji wa kata akupigie simu, nimewakatalia. Nimewaambia Mama Neema tunaongea naye wenyewe. Naomba usinifanye niwe nimewadanganya. Dawa ya deni kulipa, unalijua hilo kuliko mimi maana na wewe unadai watu huko mjini.

Nasubiri jibu lako mpaka Jumatano jioni, simu iwe au meseji vyovyote. Jumatano ikipita kimya, wale wa fuso nitawaruhusu wachukue nusu ya mzigo wa tatu ili nilipe watu, na nusu nyingine nitakuwekea wewe. Sitaki tufike huko maana hiyo 90 kwa kilo ni hasara yangu na wewe mashine itasimama.

Msalimie Neema na baba yake.

Baba Kulwa, Sengerema

Halafu lingine nilitaka kusahau, yale magunia matupu 49 ya mzigo wa pili bado yako kwako. Dereva wa kanta anakuja Mwanza Alhamisi kuleta nyanya sokoni, mwambie kijana ayafunge mafungu mawili ayaache getini atayapitia, bila hayo huo mzigo wa tatu nitakosa ya kubadilishia yaliyochanika.