Samaki wa mwamba huu walizaliwa wapi? Somo la msambao wa lava

Mmekabidhiwa miamba mitatu ya matumbawe, A, B na C, na mnaruhusiwa kufunga mmoja tu usivuliwe. Mwamba A una tani 4 za chewa waliopevuka, B una tani 10, C una tani 2. Mtafunga upi? Darasani wengi hunyoosha mkono kwa B, kwa kuwa ndiko kwenye samaki wengi. Shikeni jibu lenu. Tutalirudia baada ya kumfuata mtoto wa samaki tangu anapotoka kwenye yai.

Samaki wengi wa miambani hawahami mbali wakishakuwa wakubwa. Safari yao kubwa huifanya wakiwa lava, yaani watoto wachanga wanaoelea kwenye maji ya wazi kabla ya kutua mwambani. Urefu wa kipindi hicho hutofautiana mno. Samaki mdogo wa rangi ya chungwa anayeishi ndani ya anemoni hukaa majini siku kumi hivi au zaidi kidogo. Kangaja wengi hukaa wiki kadhaa. Kamba koche huelea miezi mingi. Lava wa matumbawe yanayolea mayai ndani ya mwili huweza kutua ndani ya saa chache tu. Maji yakiwa ya joto zaidi, lava hukua haraka na kipindi hufupika. Tunaujua umri wao kwa jiwe dogo lililo ndani ya sikio la samaki: huongezeka duara moja kila siku, na siku ya kutua huacha alama yake. Ni shajara ambayo samaki mwenyewe ameiandika, na kila anayesomea uvuvi angefaa aione kwa hadubini walau mara moja.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ukizidisha idadi ya siku kwa kasi ya mkondo unapata umbali wa safari. Mkondo wa sentimita 10 kwa sekunde husafiri takribani kilomita 8.6 kwa siku. Kwa siku 30 ni kilomita 260 hivi. Kwa hesabu hiyo bahari yote ingekuwa dimbwi moja la watoto, na kila mwamba ungejazwa na watoto wa kila mwamba mwingine. Lakini lava wa samaki si jani linalopeperushwa. Anapokaribia kutua anaogelea kwa nguvu, mara nyingi kwa kasi inayoshinda mkondo wa wastani wa eneo lake. Hupanda na kushuka kati ya tabaka za maji zinazokwenda pande tofauti. Husikia kelele za mwamba na kunusa maji yake. Mikondo nayo huzunguka nyuma ya visiwa na kumrudisha alikotoka.

Ushahidi mzito ulipatikana mwaka 1999 katika Kisiwa cha Lizard, kwenye Tumbawe Kuu la Australia. Watafiti walitia alama mayai zaidi ya milioni 10 ya samaki mmoja mdogo wa mwambani, kwa dawa inayobaki kwenye jiwe la sikio. Baadaye walikagua wachanga wapatao 5,000 waliokuwa wakirudi kutua, wakakuta 15 wenye alama. Mnaona ni wachache? Hesabuni. Hao 15 ni asilimia 0.3 ya waliokaguliwa, ilhali mayai yaliyotiwa alama yalikadiriwa kuwa asilimia 0.5 hadi 2 tu ya mayai yote ya kisiwa. Gawanyeni 0.3 kwa 2, kisha kwa 0.5: kati ya asilimia 15 na 60 ya wachanga walikuwa wamezaliwa palepale.

Siku hizi tunalinganisha vinasaba vya mtoto na vya wazazi. Katika kisiwa cha Manus, Papua Guinea Mpya, njia hiyo ilitumiwa kwa chewa waliokusanyika kutaga mahali pamoja, na makadirio yalionyesha kuwa nusu ya lava walitua ndani ya kilomita 14 hivi. Kwenye visiwa vya Keppel, Australia, maeneo yaliyofungwa yalikuwa asilimia 28 tu ya miamba ya hapo, lakini yalizaa karibu nusu ya wachanga wote wa aina mbili za samaki wanaovuliwa, waliotua ndani ya kilomita 30. Hifadhi iliwalisha wavuvi wa nje ya mpaka wake. Sababu haina fumbo: ndani ya hifadhi samaki ni wengi na wakubwa, na jike mmoja mkubwa hutaga mayai mengi kuliko majike kadhaa wadogo wenye jumla ya uzito ule ule.

Hapa naomba msimame, kwa maana kuna kosa linaloharibu mipango mingi. Ripoti ya vinasaba ikisema miamba miwili “imeungana”, msiichukue kuwa uvuvi wa mmoja utajazwa na mwingine. Wahamiaji wachache tu kwa kila kizazi hutosha kuvifanya vinasaba vya pande mbili vifanane. Wachache hao hawawezi kurudisha samaki waliovuliwa kwa tani. Mwenye kusimamia uvuvi anauliza swali lingine: kila mwaka wanakuja wangapi, na je, wanatosha kuziba pengo la waliokufa na waliovuliwa?

Sasa turudi kwenye miamba yetu. Jedwali hili, ambalo nimelitunga kwa ajili ya somo, linaonyesha wachanga wanaotua kwa kila tani moja ya wazazi. Mistari ni wanakotoka, safu ni wanakotua.

```
      A    B    C
A    60   50   20
B     0    5    0
C    30   10   10
```

Zidisheni kila mstari kwa tani zake. Mwamba A unatoa wachanga 520, B unatoa 50, C unatoa 100: jumla 670. Mwamba B, wenye samaki wengi kuliko yote, unatoa chini ya asilimia 8 ya watoto wanaotua katika mfumo mzima, kwa sababu mkondo unawapeleka wengi wao bahari kuu wakapotelea huko. Wenyewe unapokea 270, na 200 kati yao wametoka A. Wavuvi wakipunguza wazazi wa A hadi tani 2, wachanga wanaotua B watashuka kutoka 270 hadi 170, hata kama hakuna ndoano iliyogusa B. Mvuvi wa B ataona samaki wanapungua na atatafuta kosa kwenye mwamba wake. Hatalipata.

Tahadhari moja kuhusu majedwali ya namna hii: mikondo hubadilika, na mwaka mmoja mbaya unaweza kulipindua lote. Msipange hifadhi kwa data ya msimu mmoja. Tena, aliyetua hajawa samaki wa kuvuliwa. Wengi huliwa siku za mwanzo, na mwamba uliokufa hauna pa kuwaficha.

Kwa kipindi kijacho, chukueni jedwali hilohilo na mdhani C imevuliwa hadi tani 0. Hesabuni wanaotua A, B na C, kisha andikeni ukurasa mmoja mkimweleza mvuvi wa A kwa nini mwamba wenye samaki wachache kuliko yote, ambao yeye hauvui kabisa, unamhusu.