Andalio la somo: njia ya grafu kwa mwaka wa kwanza, kupitia mama fundi wa Mwanjelwa

Kozi: Hisabati za biashara, mwaka wa kwanza
Siku: Jumanne, saa 2 mpaka saa 4 asubuhi
Wanafunzi: kama 70, mkondo A (mkondo B wanafundishwa Alhamisi, mwenzangu utatumia hilihili)
Vifaa: karatasi za grafu, rula, chaki za rangi mbili, futikamba ya fundi, na kipande cha kitenge kama mita 3 hivi

Kwanza neno moja kwako wewe wa mkondo B. Hawa watoto linia programingi walishaiona kidato cha nne kwenye Basic Mathematics, kwa hiyo usiingie kama unawaletea kitu kipya, watakuambia "tulishasoma hiyo mwalimu" halafu ukiwapa swali wanachora mistari miwili wanakaa wanaitazama. Walichokosa sio kuchora, walichokosa ni kujua mistari ile inasema nini. Ndo maana nusu saa ya kwanza hatuchori kabisa.

Mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze: kugeuza maelezo ya kazi ya fundi kuwa masharti ya hesabu, kuchora eneo linalokubalika, kupata kona zake, kuchagua ile yenye faida kubwa na KUELEZA kwa nini jibu liko konani na si katikati. Hilo la mwisho ndo muhimu kuliko yote.

Dakika 0 hadi 30: hadithi na kubahatisha

Ingia na kitenge begani. Waambie kuna mama fundi ana kibanda Mwanjelwa, amepata jora la mita 36 kutoka kwa mtu anayeleta mzigo Tunduma. Wiki hii anashona aina mbili tu, magauni na mashati ya kiume. Gauni moja linakula mita 3 na saa 2. Shati linakula mita 2 na saa 3. Anafanya kazi Jumatatu mpaka Jumamosi, saa sita na nusu kwa siku ukitoa kupika na kupeleka watoto shule, jumla saa 39 kwa wiki. Akishatoa gharama zote gauni linamwachia 12,000 na shati 10,000.

Hapa lazima atokee mtu aseme mwalimu umekosea, gauni ndo kubwa iweje lichukue muda mfupi kuliko shati? Usimjibu wewe. Darasani hawakosi wawili watatu waliolelewa na fundi, waache waeleze: gauni hili ni la kumwaga tu, halina zipu wala bitana, shati lina kola, lina kafu, lina matundu ya vifungo, ukikosea kola umefumua jioni nzima. Dakika tano hizo hazijapotea, ndo zinafanya wakumbuke namba 3, 2, 2, 3 bila kuangalia ubaoni.

Sasa waulize ashone nini? Andika kila jibu ubaoni bila kusema sahihi au sio sahihi. Wengi watasema ashone magauni tu maana yana hela nyingi. Sawa, mita 36 gawa kwa 3 ni magauni 12, faida 144,000, lakini ametumia saa 24 tu, saa 15 amekaa anapiga stori. Mwingine atasema mashati tu, saa 39 gawa kwa 3 ni mashati 13, faida 130,000, na mita 10 za kitambaa zimelala kabatini. Wapate wenyewe hizo saa 15 na hizo mita 10, kwa sababu hapo ndo wanaanza kuona kwamba mama huyu ana vitu viwili vinavyombana na kila ukikazana na kimoja kingine kinabaki bure.

Halafu kuna mmoja atagawa jora nusu kwa nusu, mita 18 huku mita 18 huku, atapata magauni 6 na mashati 9, faida 162,000. Mwaka jana alitokea wa namna hiyo na nikashtuka kidogo, maana ndo jibu lenyewe! Nilifikiria kubadilisha namba nikaacha makusudi. Usimpongeze sana. Muulize tu, umejuaje kwamba hakuna mpango unaozidi hapo? Atanyamaza. Andika 162,000 kwenye kona ya ubao, izungushie duara, endelea. Bahati yake itaisha baadaye kidogo.

Dakika 30 hadi 45: kuandika masharti

x ni idadi ya magauni, y ni idadi ya mashati. Wakomalie kwenye neno idadi, wapo wanaoandika "x = gauni" halafu baadaye hawajui x ni mita au ni shilingi.

```
Faida:      F = 12000x + 10000y   (iwe kubwa iwezekanavyo)
Kitambaa:   3x + 2y <= 36
Muda:       2x + 3y <= 39
            x >= 0,  y >= 0
```

Watauliza kwa nini si sawasawa na 36. Jibu ni kwamba hakuna anayemlazimisha mama kumaliza jora, asichoweza ni kuzidisha. Na x >= 0 waseme wenyewe maana yake, huwezi kushona gauni hasi, yaani kufumua gauni la mteja ili upate mita 3 za kushonea shati, ingawa wapo mafundi tunaowafahamu…

Dakika 45 hadi 80: kuchora

Mstari wa kitambaa: weka y sifuri upate x = 12, weka x sifuri upate y = 18. Mstari wa muda: unakata x pale 19.5 na y pale 13. Skeli iwe sentimita 1 kwa nguo 2 kwenye mihimili yote, wakiweka 1 kwa 1 mstari wa muda unatoka nje ya karatasi na utapoteza dakika kumi wanafuta.

Kwenye kivuli ndo kuna vita. Wengine walifundishwa sekondari kutia kivuli eneo wanalolitaka, wengine wasilolitaka, na wote wanaapa ndo sheria. Mimi nimeamua tufanye kama fundi: mstari ni mkasi, upande usiotakiwa unakatwa, kinachobaki cheupe ndo nguo yetu. Kujua ukate upande gani, jaribu nukta (0,0): mita 0 ni pungufu ya 36? Ndiyo, basi upande wenye sifuri unabaki. Wewe wa mkondo B ukitaka kinyume sawa ila tukubaliane kabla ya mtihani, tusije tukawasahihisha tofauti.

Kinachobaki kina kona nne. Tatu zinaonekana kwa macho, ya nne ni pale mistari inapokatana na hiyo isisomwe kwenye grafu tu, mkono ukitetemeka utaandika (6.2, 8.8), itafutwe kwa hesabu:

```
3x + 2y = 36   (zidisha kwa 3)  ->  9x + 6y = 108
2x + 3y = 39   (zidisha kwa 2)  ->  4x + 6y = 78
Toa:  5x = 30,  x = 6,  y = 9

Kona      Faida
(0,0)     0
(12,0)    144000
(0,13)    130000
(6,9)     162000
```

Hapo rudi kwenye duara la ubaoni, darasa litacheka. Na waone pia kwamba (6,9) inamaliza mita zote 36 na saa zote 39.

Dakika 80 hadi 105: kwa nini konani?

Hapa usikimbie hata kama muda umebana, bora ukate zoezi. Chukua futikamba, waite wawili washike ncha ubaoni. Waambie faida ya 60,000, mipango yote inayoitoa iko kwenye mstari mmoja, kutoka (5,0) mpaka (0,6). Washike hapo. Sasa tunataka 120,000, futikamba inaenda (10,0) mpaka (0,12), imesogea nje lakini mlalo wake ni uleule. Waisogeze polepole bila kuipindisha na darasa lipige kelele pale inapotaka kuliacha eneo jeupe. Inashika nini mwisho? Inashika kona ya (6,9), na hapo ni 162,000. Ukiwa katikati ya eneo siku zote unaweza kusogea kidogo ukapata zaidi, ukiwa ukingoni unaweza kuteleza kuufuata ukingo, konani ndo njia imekwisha. Wasiandike chochote, waangalie tu. Mimi nilisoma hii kwa kukariri "pima kona zote" na nikaielewa miaka mingi baadaye, sitaki yawakute.

Kisha badilisha. Bei ya magauni imepanda, gauni sasa linaacha 15,000. Futikamba inalala sambamba kabisa na mstari wa kitambaa: (12,0) inatoa 180,000 na (6,9) nayo 180,000, hata magauni 8 na mashati 6 ni 180,000. Majibu mengi, na si kosa la hesabu, mama achague anachopenda. Ikifika 18,000, (6,9) inatoa 198,000 lakini magauni 12 peke yake yanatoa 216,000. Mwangalie sasa yule wa nusu kwa nusu.

Kama umebakiwa na dakika mbili wadokezee kwamba aina za nguo zikizidi mbili grafu haitoshi, na ndo maana George Dantzig mwaka 1947 alitengeneza njia ya simpleksi, ambayo nayo inatembea kona hadi kona. Hiyo ni muhula ujao.

Dakika 105 hadi 120: zoezi la wawili wawili

Kwaya imeweka oda, mashati yasipungue 10 wiki hii. Faida ni zilezile za mwanzo. Nini kinatokea? Kona mpya ni (4.5, 10) yenye 154,000 na hapo watakwama kwenye nusu gauni. Waache wabishane. Nguo nzimanzima bora ni magauni 4 na mashati 10, faida 148,000, saa moja inabaki. Magauni 5 haiwezekani, ni saa 40. Akitokea wa kusema nusu nyingine atamalizia wiki ijayo, mpe alama, kafikiria kama fundi.

Kazi ya nyumbani, ikusanywe Ijumaa kabla ya saa 6: mama kaongezewa mita 5 kwa bei yake ya kawaida, saa ni zilezile 39, faida ni zilezile za mwanzo. Chora upya, tafuta kona. Wewe jibu lako hili hapa, magauni 9 na mashati 7, faida 178,000, yaani zimeongezeka 16,000. Sehemu ya pili waseme muuzaji akitaka nyongeza ya 4,000 juu ya bei kwa kila mita, achukue au aache? Aache, maana kila mita inamletea 3,200 tu. Grafu ichorwe kwa mkono kwenye karatasi, picha za simu sipokei, mwaka jana nilipokea saba zenye kidole kilekile pembeni.

Futikamba nimeiazima, ukimaliza Alhamisi naomba irudi mezani kwangu.