Matokeo: dozi moja au mbili za prazikwanteli kwa kichocho cha tumbo katika mialo ya Ukerewe na Sengerema

Washiriki 412 waliokutwa na mayai ya kichocho cha tumbo walipangwa kwa bahati nasibu katika makundi mawili ya watu 206. Kundi A lilipangiwa dozi moja ya prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Kundi B lilipangiwa dozi hiyo hiyo, kisha nyingine siku ya 21. Dozi ya kwanza wote 412 waliimeza mbele ya muuguzi. Mtu alihesabiwa amepona iwapo vipimo vya Kato-Katz vya wiki ya 9 havikuonyesha yai hata moja.

Mwanzoni makundi yalilingana. Wavuvi na wachakataji wa dagaa walikuwa asilimia 51.9 ya kundi A na asilimia 52.9 ya kundi B. Wenye maambukizi makali, yaani mayai 400 au zaidi kwa gramu ya choo, walikuwa asilimia 26.7 na 27.7. Msomaji azishike namba hizi nne, maana tutazirudia.

Nani alifuata itifaki

Katika kundi B, watu 151 walipata dozi ya pili kwa wakati, yaani siku ya 21, mapema au baadaye kwa siku zisizozidi nne. Wanane waliipata kwa kuchelewa, tisa waliikataa, na 38 hawakupatikana kabisa kwa kuwa walikuwa wamehamia kambi nyingine. Katika kundi A, watu 11 walimeza prazikwanteli ya ziada nje ya jaribio. Choo cha wiki ya 9 kilipatikana kwa watu 189 wa kundi A na 181 wa kundi B.

Hao 38 tungeweza kuwatabiri, na kosa la ratiba ni letu. Dozi ya kwanza tuliigawa siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapokuwa nchi kavu wakishona nyavu. Siku ishirini na moja baadaye mwezi mpya una takriban wiki moja tu, unatua mapema, na mitumbwi iko ziwani. Tuliwafuata watu kwa kalenda ya ofisini ilhali wao huishi kwa kalenda ya mwezi.

Matokeo makuu

Uchambuzi mkuu, kama ulivyoandikwa kabla ya mshiriki wa kwanza kusajiliwa, unamhesabu kila mtu katika kundi alilopangiwa, awe amemeza dawa yake au hakumeza. Asiyeleta choo wiki ya 9 amehesabiwa hajapona. Uchambuzi wa pili, ulio katika mstari wa tatu wa jedwali, unabakisha tu waliofuata itifaki na kuleta choo.

| Uchambuzi | Waliopona, kundi A | Waliopona, kundi B | Tofauti (wigo wa uhakika wa asilimia 95) |
|---|---|---|---|
| Kwa kundi alilopangiwa | 118 kati ya 206 (57.3%) | 142 kati ya 206 (68.9%) | pointi 11.7 (2.4 hadi 20.9) |
| Wote walioleta choo | 118 kati ya 189 (62.4%) | 142 kati ya 181 (78.5%) | pointi 16.0 (6.9 hadi 25.2) |
| Waliofuata itifaki | 111 kati ya 180 (61.7%) | 122 kati ya 143 (85.3%) | pointi 23.6 (14.5 hadi 32.8) |

Kwa tabibu, mstari wa kwanza unamaanisha kwamba watu tisa wakipangiwa dozi mbili badala ya moja, anapona mmoja zaidi. Mstari wa tatu ungesema watano. Dawa ni ile ile na jaribio ni lile lile. Kilichobadilika ni nani amehesabiwa.

Kwa nini mstari wa tatu si "nguvu halisi ya dawa"

Kishawishi cha kuusoma hivyo ni kikubwa, nasi wenyewe tulikutana nacho mezani. Hoja huja hivi: dawa haimponyi asiyeimeza, basi kwa nini tuwahesabu waliokuwa ziwani? Hoja hiyo ingesimama kama waliobaki na walioondolewa wangekuwa watu wa aina moja. Hawakuwa.

Kati ya watu 63 walioondolewa kundi B, wavuvi na wachakataji wa dagaa walikuwa 47 (asilimia 74.6), na wenye maambukizi makali 26 (asilimia 41.3). Kati ya 143 waliobaki, walikuwa 62 (asilimia 43.4) na 31 (asilimia 21.7). Kundi A halikupunguzwa namna hiyo: kati ya 180 waliobaki, wavuvi na wachakataji ni asilimia 51.1 na wenye maambukizi makali asilimia 26.7, karibu sawa na mwanzo. Kwa hiyo mstari wa tatu unalinganisha kundi A lenye wavuvi kwa kiwango karibu kile kile cha mwanzo na kundi B lililopungukiwa wavuvi. Wavuvi ndio wanaoingia majini kila siku, wanaoambukizwa upya kabla ya wiki ya 9, na wenye minyoo michanga mingi zaidi, ambayo prazikwanteli haiiui vizuri mpaka ikomae. Sehemu ya zile pointi 23.6 imeletwa na dozi ya pili, na sehemu imeletwa na kuondoka kwa wagonjwa wagumu. Hesabu ya mstari huo haiwezi kuzitenganisha.

Bahati nasibu ililinganisha makundi kwa tunayoyapima na tusiyoyapima. Ulinganifu huo ni wa watu 206 kwa 206. Ukianza kuchagua baada ya dawa kugawiwa, umerudi kwenye utafiti wa kuangalia tu, hata kama karatasi bado inasema jaribio.

Mstari wa kwanza nao una mipaka yake. Haumwambii muuguzi mgonjwa aliyemeza dozi zote mbili amefaidika kiasi gani. Unamwambia mpango wa dozi mbili unaleta nini katika mialo kama hii, pamoja na utoro wake. Tulikadiria swali la kwanza kwa njia isiyovunja bahati nasibu. Dozi ya pili, kwa wakati au kwa kuchelewa, ilimezwa na asilimia 77.2 ya kundi B, na asilimia 5.3 ya kundi A walipata ya ziada. Tofauti ya kupona ikigawanywa kwa tofauti hiyo ya umezaji, inapatikana pointi 16.2 kwa wale ambao kupangiwa ndiko kulikowafanya wameze. Makadirio haya yanadhani kwamba kupangiwa kundi B hakukusaidia kwa njia nyingine yoyote isipokuwa dawa.

Laiti swali letu lingekuwa kama dozi moja si duni kuliko mbili, tahadhari ingegeuka. Utoro huyafanya makundi yafanane, na katika swali la aina hiyo kufanana ndiko ushindi, hivyo uchambuzi kwa kundi alilopangiwa peke yake ungeweza kuipa dozi moja sifa isiyostahili. Hapo tungedai chambuzi zote mbili zikubaliane.

Madhara

Madhara yamehesabiwa kwa dawa iliyomezwa kweli. Maumivu ya tumbo yaliripotiwa na watu 97 kati ya 412 (asilimia 23.5) baada ya dozi ya kwanza, na 19 kati ya 159 wa kundi B (asilimia 11.9) baada ya ya pili. Waliokataa dozi ya pili, wote tisa, walikuwa wameumwa tumbo baada ya ya kwanza.

Watu 110 waliokutwa bado na mayai wiki ya 9 walitibiwa siku hiyo hiyo. Wale 42 ambao hawakuleta choo tuliwaachia ujumbe kwa viongozi wa mialo, safari hii tukipanga kurudi siku za mbalamwezi.