Soko la apu yetu ya delivari ya chakula Mombasa: kutoka bilioni 19 hadi oda 1,820 kwa mwezi

Wanachama wenzangu, kikao kilichopita niliulizwa swali moja tu, "hili soko ni kubwa kiasi gani na sisi tutakula ngapi", nikababaika. Nimekaa nalo wiki tatu sasa, nimetembea, nimehesabu, na hii ndio hesabu yenyewe kabla hatujatoa hata shilingi ya chama. Nimeiandika vile nilivyoifanya ili kila mtu aone nambari ipi imetoka kwa sensa, ipi nimeihesabu mwenyewe mtaani na ipi ni makadirio yangu, maana hizo tatu zikichanganywa ndio watu hupoteza pesa.

Tuanze na soko lote. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 hapa kaunti ya Mombasa, na nyumba 378,422. Najua tumeongezeka tangu hapo, lakini nimeiacha nambari ya 2019 kama ilivyo, sitaki kuanza kwa kujiongezea. Makadirio yangu ni kwamba nyumba moja inatumia kama Sh1,000 kwa wiki kwa chakula kilichopikwa nje: mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai za jioni, chapati, chipsi, biriani ya Ijumaa. Zidisha kwa nyumba zote kwa wiki 52 unapata kama Sh19.7 bilioni kwa mwaka.

Hiyo nambari nataka muione mara hii moja halafu tuiweke pembeni. Ni kweli pesa zinazunguka, lakini nyingi ni za mahamri ya bob 10 mtoto anatumwa pale mlangoni kwa mama wa mbaazi anarudi na sahani kabla chai haijapoa, na hiyo pesa hakuna apu duniani itakayoigusa, nani atalipa 150 ya pikipiki kuletewa mahamri ya 60? Na mkumbuke Jumia Food walifunga Kenya mwisho wa 2023, na wao jina walikuwa nalo na soko hili hili kubwa walikuwa wanaliona, kwa hivyo mtu asije akatuambia "tukipata asilimia moja tu ya bilioni 19 tumetoka", asilimia moja haiji yenyewe, lazima kuna mtu ameipeleka mlangoni kwa pikipiki.

Sasa soko tunaloweza kulifikia. Hapa nimekata kwa eneo kwanza. Likoni ina watu 250,358 na roho inaniuma kuiacha kwa sababu nusu ya familia yetu iko huko, lakini chakula kikipanda feri hujui kitashuka saa ngapi, na pilau iliyokaa kwenye foleni ya feri ukimpelekea mtu mara moja hatakuagiza tena. Changamwe na Jomvu ni mbali na jikoni tunazozitaka, na barabara ya kutokea kisiwani jioni mnaijua. Kisauni ndio yenye watu wengi kuliko zote, 291,930, lakini imetawanyika mpaka Shanzu, na Bamburi ambayo kila mtu ananiambia "anzeni Bamburi" iko Kisauni pia, tutaenda huko baadaye tukiwa na jikoni za huko huko, sio kupeleka chakula kutoka mjini. Mtwapa msiniulize, hiyo ni Kilifi.

Tunabaki na Mvita, yaani kisiwa chote, watu 154,171, na Nyali watu 216,577. Jumla 370,748. Nikigawanya kwa wastani wa kaunti, watu 3.2 kwa nyumba, napata nyumba kama 116,000. Lakini hapo pia kuna mtego, ndani ya Nyali kuna Mkomani kwenye maghorofa yenye lifti na kuna Ziwa la Ng'ombe, sensa imewaweka kapu moja, apu haiwezi kuwaweka kapu moja.

Ndio maana nikatoka kuuliza. Mimi na dada yangu tumepiga hodi nyumba 200, Tudor, Mji wa Kale, Kizingo, Kongowea na Mkomani, tukauliza kitu kimoja tu: mwezi uliopita ulimlipa mtu akuletee chakula? Hatukuuliza "ungependa apu", maana ukimuuliza mtu wa pwani kama angependa kitu atakwambia naam ili usiende na uchungu. Nyumba 58 zilisema ndio, hiyo ni asilimia 29. Nimeishusha mpaka 20 kwa sababu tulikwenda nyumba ambazo milango yake tungeweza kufunguliwa, yaani za watu kama sisi. Asilimia 20 ya nyumba 116,000 ni nyumba 23,200. Hao 58 walisema wanaagiza mara tatu kwa mwezi, nimeweka mara mbili, mtu akihesabu kwa kumbukumbu huongeza. Tunapata oda 46,400 kwa mwezi, wastani wa oda ni Sh850 kulingana na risiti na meseji za M-Pesa walizotuonyesha, kwa hivyo ni kama Sh39.4 milioni kwa mwezi zinazopita mikononi mwa watu wa delivari, wakubwa na wadogo, kwenye hizi sehemu mbili.

Na wadogo ndio wengi, hiki ndicho kilichonishangaza. Kati ya hao 58, 33 hawakutumia apu yoyote, waliagiza kwa stetasi ya WhatsApp. Kuna mama mmoja Mji wa Kale nimekaa barazani kwake Ijumaa nzima, anapika biriani ya kuku nyumbani, sufuria mbili, anapiga picha saa mbili asubuhi, kufika saa nne sahani 40 zimeshalipiwa. Kupeleka ni mpwa wake na kijana wa boda wa pale msikitini. Nilimwona anaandika majina kwenye foili kwa bolpeni, "Tudor 3, Makadara 2, bila pilipili", halafu kijana wa boda akachelewa nusu saa kwa sababu alipata abiria wa Nyali, na mama akabaki anapiga simu huku sahani zinapoa mezani. Aliniambia, "Mwanangu, mimi apu sina haja nayo. Mimi nataka mtu, nikimpa sahani sita zifike sita, na pesa yangu niione." Huyo ndiye mteja wetu. Mahoteli makubwa yameshashikwa na apu kubwa, tukienda kupigana nao kwa ofa watatumaliza kwa mwezi mmoja, lakini huyu mama hakuna anayemtafuta.

Basi tutapata ngapi kweli. Watu wengi hapa huchagua asilimia, tano, kumi, inayopendeza macho. Mimi nimeanza na pikipiki. Nimekaa na saa ya simu nikipima safari 31. Mji wa Kale mpaka Tudor dakika 38, na katika hizo 17 ni raida amesimama mlangoni anangoja chakula kifungwe. Ganjoni mpaka Nyali saa kumi na mbili jioni dakika 55, daraja lilikuwa limeshikana, halafu getini soja akamweka raida mpaka mwenye nyumba ashike simu. Wastani dakika 40. Masaa yetu ni saa sita mpaka saa nane u nusu mchana, na saa kumi na mbili u nusu mpaka saa nne usiku, jumla masaa sita, raida mmoja angeweza oda 9 lakini oda haziji zimepangana mstari, zinakuja zote pamoja halafu kimya, nimeweka 7. Tukianza na raida 12, siku 26, ni oda 2,184 kwa mwezi. Hata soko likiwa bilioni 100 sisi hatuwezi kupeleka zaidi ya hapo.

Nikapima upande wa pili, jikoni. Tumezungumza na jikoni 35 zilizokubali, nyingi za kina mama, na oda 2 kwa siku kila jikoni ni 1,820 kwa mwezi. Nachukua iliyo ndogo, 1,820, ambayo ni kama asilimia 3.9 ya zile 46,400. Hiyo ni nambari ya mwisho wa mwaka, sio ya kuanzia.

Kwa pesa: komisheni 15 kwa mia ya 850 ni 127 na nusu. Nauli ni 150, raida anachukua 120, tunabaki na 30. Hiyo 120 msiipunguze tafadhali, kwa oda 7 ni 840 kabla ya mafuta, na ndio maana hatuwafungi, akiwa hana oda abebe abiria wake. Tukitoa M-Pesa, meseji na oda za kurudishia watu pesa tunabaki na kama Sh140 kwa oda. Gharama zetu kwa mwezi ni 152,000, kwa hivyo tunahitaji oda 1,086 kwa mwezi ndio tusimame.

Makadirio yangu: miezi mitatu ya kwanza oda 350 kwa mwezi, mitatu ya pili 750, halafu 1,200, halafu 1,700. Mwaka mzima oda 12,000, tunaingiza 1,680,000, tunatumia 1,824,000. Mwaka wa kwanza tunapata hasara ya 144,000, nimeandika wazi. Lakini shimo lenyewe ni kubwa zaidi katikati, kufika mwezi wa sita tutakuwa tumezama 450,000, faida inaanza mwezi wa saba.

Ramadhani sijaiingiza kwenye hiyo hesabu, inaenda pande zote mbili. Oda za mchana zinakufa kabisa, na jioni kila nyumba inataka chakula dakika ile ile ya adhana ya Maghrib, raida 12 hawawezi kufika milango 80 kwa robo saa. Huo mwezi nashauri tuchukue oda za futari zilizolipiwa kabla ya Alasiri tu, tuzipeleke mapema mtaa kwa mtaa, hata tukikataa nyingine.

Ombi langu ni 600,000, yaani hiyo 450,000 na akiba ya 150,000, itolewe mara mbili, nusu tukianza na nusu mwezi wa nne. Na kama mwisho wa mwezi wa sita hatujafika oda 750 kwa mwezi, tufunge, kilichobaki kirudi kwenye chama. Daftari la zile nyumba 200 na safari 31 nitakuja nalo Jumamosi baada ya Alasiri, atakayetaka kukagua mstari kwa mstari tukae naye.