Shangazi, hili ndilo tangazo jipya la mwokaji

Shangazi, shikamoo. Natumaini umeamka salama na gari la asubuhi limetoka bila matatizo.

Uliniomba nilifupishe tangazo la kazi kabla halijarudi Facebook. Nimekaa nalo jana jioni yote, mwisho nikaliandika upya kabisa, maana shida yake haikuwa urefu peke yake. Naliweka hapa la zamani kama lilivyobandikwa. Lisome kana kwamba wewe ndiye mwokaji unayetafuta kazi, umekaa kibarazani baada ya zamu, simu mkononi na bando linakaribia kuisha.

"TANGAZO TANGAZO TANGAZO! NAFASI ZA KAZI!!! Uongozi wa kampuni yetu inayokua kwa kasi katika sekta ya chakula unapenda kuwatangazia wananchi wote wenye sifa kuwa umefungua milango kwa vijana wachapakazi, waaminifu, wabunifu na wenye kujituma kujiunga na familia yetu katika idara ya uzalishaji. Mwombaji awe na umri kati ya miaka 20 na 30, asiwe na majukumu mengi ya kifamilia, awe mtanashati, awe na uwezo wa kufanya kazi katika mazingira yoyote na kwa muda wowote atakaohitajika, na awe tayari kufanya kazi nyingine yoyote atakayopangiwa na uongozi. Elimu kuanzia kidato cha nne na kuendelea. Mwenye stashahada au shahada atapewa kipaumbele. Uzoefu ni sifa ya ziada. Mshahara mnono, kulingana na makubaliano. Maombi yaambatane na barua ya kuandikwa kwa mkono, wasifu, nakala za vyeti vyote, cheti cha kuzaliwa, barua ya serikali ya mtaa, barua za wadhamini wawili na picha mbili za pasipoti. Watakaokidhi vigezo pekee ndio watakaojulishwa. Nafasi ni chache, changamkia fursa!"

Nimelisoma mara nne. Neno mkate halimo. Unga haumo, tanuri halimo, Kihonda haimo, wala hakuna mahali panaposema kazi ni ya usiku. Tunatafuta mtu mmoja lakini limesema nafasi, nyingi. Ndiyo maana zile wiki mbili tulipokea ujumbe 137, na ulipoanza kuuliza nani amewahi kukanda unga wa bekari, wakabaki wanne. Wawili kati yao wakajitoa waliposikia saa za kazi. Wale 133 hawana kosa, Shangazi. Walijibu kile tulichoandika, na wengine walitumia pesa ya steshenari kutoa nakala za vyeti ambavyo hatukuwa na haja navyo. Lile limeniuma.

Hili hapa jipya:

ANATAFUTWA MWOKAJI MIKATE, KIHONDA, MOROGORO (nafasi 1)
Zamu ya usiku. Sh 450,000 kwa mwezi, na posho ya usiku Sh 22,500 juu yake.

Kazi yenyewe: mikate 1,200 ya slesi na skonzi 600 kila usiku, wewe na wasaidizi wawili. Unapima, unakanda kwa mashine, unaumua, unachoma. Gari la kwanza linapakia saa 11 alfajiri.

Muda: saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri, mapumziko ya saa moja katikati. Usiku 6 kwa wiki. Jumamosi usiku hakuna kazi.

Lazima:
– uwe umechoma mikate bekari kwa miaka 2 au zaidi, wewe mwenyewe mbele ya tanuri
– ujue kupanga vipimo vya unga, maji na hamira kwa kilo
– uwe na cheti cha kupima afya, au uwe tayari kupima kabla ya kuanza
Cheti cha VETA ukiwa nacho ni vizuri, usipokuwa nacho omba tu.

Unapata: mkataba wa maandishi, NSSF, likizo ya siku 28 yenye malipo, chakula cha usiku, na bodaboda ya kukuleta kazini tunalipa sisi.

Kuomba: tuma inboksi ya ukurasa huu kabla ya Ijumaa saa 12 jioni (1) jina lako na unapoishi, (2) bekari ulizofanya kazi na kwa muda gani, (3) jibu la swali hili: ni saa 8 usiku, mikate 400 imeshaumuka kwenye trei, umeme unakatika na tanuri linaanza kupoa. Unafanya nini? Andika au tuma sauti.

Tutakaowaita watachoma nasi usiku mmoja, na usiku huo unalipwa Sh 20,000. Wanawake kwa wanaume, karibuni. Hatutozi pesa hata shilingi, katika hatua yoyote.

Sasa nikueleze nilichofanya, maana najua kuna sehemu utasita.

Swali la umeme ndilo ninalolitegemea kuliko kitu kingine chochote humu. Unakumbuka ule usiku wa Machi nilipokuja kukusaidia kufunga mikate, umeme ukaondoka? Mimi nilisimama na tochi ya simu nikiangalia tu. Wewe ukatoa trei moja moja, ukaugandamiza unga kwa ngumi hewa itoke, ukausokota tena, ukaupanga chini kwenye saruji karibu na mlango wa nyuma penye upepo, na ukamtuma kijana akalete maji ya baridi afute sakafu pembeni. Umeme uliporudi tulipoteza mikate 60. Mtu aliyewahi kukaa mbele ya tanuri kwa joto la Morogoro analo jibu lake la namna hiyo, na atalisema kwa dakika moja ya sauti. Asiyewahi ataandika kwamba ni mwaminifu na anajituma. Hutahitaji kusoma vyeti 137 kumjua yupi ni yupi. Na nimeruhusu sauti makusudi, kwa kuwa waokaji wazuri wawili ninaowajua hawapendi kuandika kabisa.

Mshahara. Uliniambia zamani usitajwe ili watu wasianze kubishana. Nakuomba uutaje. Mwokaji mwenye kazi tayari, ambaye ndiye tunayemtaka, haachi anapolipwa kwa ajili ya neno "mnono". Akiona 450,000 anapiga hesabu zake palepale: ama anakuja, ama anapita, na sisi hatujapoteza muda wa mtu. Hiyo 22,500 sikuitoa hewani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa inayofanywa humo inaongezwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Zamu yetu yote imo ndani, kwa hiyo asilimia 5 ya 450,000 inakuja hiyo. Ukiondoa saa ya mapumziko, saa za wiki zinakuwa 42, chini ya zile 45 za sheria. Likizo ya siku 28 nayo ni ya sheria, tungempa hata tusipoandika. Lakini kuandika kunamwonyesha mtu kwamba hapa kuna mwajiri wa kweli.

Umri, utanashati na majukumu ya kifamilia nimeviondoa vyote, na hapa sitaki turudi nyuma. Kifungu cha 7 cha sheria hiyohiyo kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa umri, jinsia, hali ya ndoa au majukumu ya familia, na kinamhesabu hata anayeomba kazi. Lakini hata sheria ikiwa kando, mwokaji wako bora kuliko wote alikuwa yule mama wa watoto wanne, na alipita miaka 30 zamani. Tangazo lile lingemfukuza kabla hajafika mlangoni.

Barua ya serikali ya mtaa na wadhamini tutaviomba kwa yule mmoja tutakayemchukua, siku ya mkataba. Shahada sikuona ilikuwa inatafuta nini.

Mpangilio: mistari miwili ya juu imebeba kazi, mahali, zamu na pesa, kwa sababu hiyo ndiyo inayoonekana kabla mtu hajabonyeza kusoma yote. Ile sentensi ya kutotoza pesa nimeiweka kwa kuwa matapeli wa ajira wamejaa mitandaoni, na mtu mwenye kazi yake ana haki ya kutuogopa.

Kwa stetasi ya WhatsApp na magrupu ya wauzaji wetu, tumia hili fupi:

"Mwokaji mikate anahitajika Kihonda, Morogoro. Miaka 2+ mbele ya tanuri. Zamu ya usiku, usiku 6 kwa wiki. Sh 450,000 + posho ya usiku 22,500, NSSF, mkataba. Ukimjua anayefaa mwambie atutumie inboksi kwenye ukurasa wetu wa Facebook kabla ya Ijumaa saa 12 jioni. Maelezo yote na swali la kujibu viko pale. Hakuna malipo yoyote ya kuomba."

Hili wape madereva wanaosambaza kabla ya mtu mwingine yeyote. Wao wanashinda kwenye maduka ambako bekari nyingine pia zinashusha mikate, na wanajua nani hana furaha alipo.

Watakaotuma bila kujibu swali, nitawajibu mimi hivi: "Asante kwa kutuandikia. Tangazo lina swali moja kuhusu umeme kukatika, naomba utujibu kabla ya Ijumaa saa 12 jioni ili tukuweke kwenye orodha." Mara moja tu. Na ambao hatutawachukua wote nitawaambia ifikapo Jumatatu. Ile ya "watakaokidhi vigezo pekee" inamwacha mtu anasubiri simu wiki tatu.

Ninachohitaji kwako kabla ya kesho jioni ni mambo matatu. Uthibitishe ile 450,000 na ile 20,000 ya usiku wa majaribio. Unihakikishie kwamba bodaboda tunaimudu kila usiku. Kama ni ya kubahatisha, nitaifuta sasa hivi kuliko mtu aje aikose. Halafu umwambie mmoja wa wasaidizi apige picha alfajiri, mikate ikiwa inatoka tanurini na mvuke wake, mikono ya mtu ionekane. Ile picha ya zamani ya watu waliovaa suti wanapeana mikono tuiache.

Mwanao, Msamvu.