YAH: KUJIUZULU NAFASI YA MHADHIRI WA HISTORIA YA KANISA

Mkuu wa Chuo,
Chuo cha Theolojia,
Muheza, Tanga.

30 Machi 2026

Baba Mkuu wa Chuo,

Tumsifu Yesu Kristo.

Rejea mazungumzo yetu ya wiki iliyopita ofisini kwako. Kwa barua hii nakujulisha rasmi kwamba najiuzulu nafasi yangu ya mhadhiri wa Historia ya Kanisa. Mkataba wangu unanitaka nitoe notisi ya miezi 3, hivyo siku yangu ya mwisho kazini itakuwa Jumanne, 30 Juni 2026.

Kuanzia Julai nitakuwa mtafiti wa muda wote katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mkataba wa miaka 3. Nitachunguza maisha na kazi za walimu, mashemasi na mapadre Waafrika waliosomeshwa Kiungani, Zanzibar, hadi mwaka 1914. Kazi hiyo itanipeleka kwenye Nyaraka za Taifa Zanzibar, na baadaye Oxford, maana karatasi za misheni ya UMCA zimehifadhiwa huko, kwenye Maktaba ya Bodleian. Baba Askofu amekwisha kuniruhusu kwa maandishi, na nitaendelea kuwa padre wa dayosisi yetu.

Ningependa ujue kwamba uamuzi huu umezaliwa darasani hapa hapa. Kila mwaka nikifika kwa John Swedi, mmoja wa wavulana watano ambao Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer mwaka 1864, wanafunzi huuliza swali lile lile: mtu huyu alipewa ushemasi mwaka 1879, kwa nini hakuwahi kuwa padre? Na Cecil Majaliwa, aliyepata upadre mwaka 1890 na kulichunga kanisa la Chitangali, aliandika nini kwa mkono wake mwenyewe? Nimekuwa nikiwajibu kwa yale yaliyoandikwa na wamisionari kuwahusu. Vijana hawa kesho watasimama madhabahuni katika parokia zilizoanzishwa na watu hao, nao wanastahili jibu linalotokana na barua za wahusika. Kuna gazeti la Msimulizi, lililoanza kuchapwa Kiungani mwaka 1888, ambamo walimu waliokuwa bara walipeleka habari za vituo vyao kwa Kiswahili. Kulisoma toleo baada ya toleo, na kulilinganisha na barua na madaftari ya misheni, si kazi ya kufanywa jioni baada ya vipindi vinne na usahihishaji. Nimejaribu kuvifanya vyote kwa pamoja kwa miaka mingi, na nimeona kwamba kimoja lazima kidhoofike. Sitaki kiwe ufundishaji.

Kuhusu makabidhiano: nitamaliza silabasi ya muhula huu, nitatunga na kusahihisha mitihani, na alama zote zitafika kwa Mkuu wa Taaluma kabla sijaondoka. Wanafunzi wa mwaka wa tatu ninaowasimamia tasnifu nitaendelea nao hadi watakapowasilisha, hata baada ya Juni, bila malipo. Nimekwisha waambia wasiwe na wasiwasi. Nyumba, kompyuta na funguo za chumba cha nyaraka nitavikabidhi 29 Juni. Namwomba Mhasibu aniandalie hesabu ya mkopo wangu wa SACCOS ili salio likatwe kwenye stahili zangu za mwisho, pamoja na uthibitisho wa michango yangu ya NSSF.

Nina maombi mawili. La kwanza ni madaftari ya ubatizo ambayo wanafunzi waliyaleta kutoka parokia zao, yaliyo kwenye kabati la mbao nyuma ya maktaba. Mchwa wamekwisha kula pembe za mawili, na wino wa kurasa za mwanzo unafifia. Naomba yahamishiwe kwenye kabati la chuma mapema, kabla mvua za masika hazijakolea, na nipewe ruhusa ya kuyapiga picha yote mwezi Aprili, nakala zibaki chuoni. Majina ya wazazi, wadhamini na makatekista yaliyomo humo sijayaona kwingine kokote.

La pili, somo la Makasisi wa Kwanza wa Kiafrika lisifutwe wala kumezwa ndani ya Historia ya Kanisa kwa ujumla kwa sababu tu mwalimu wake ameondoka. Maelezo ya vipindi vyote nitayaacha yamechapwa. Mhadhiri mpya akipatikana, niko tayari kuja kukaa naye kwa wiki moja.

Nakushukuru wewe binafsi, Baba, kwa kunipa somo hilo wakati wengi walisema wanafunzi wa theolojia hawalihitaji. Nawashukuru wahadhiri wenzangu, na wapishi wetu walioniwekea chakula kila nilipochelewa maktaba. Nikipata chochote Zanzibar au Oxford kinachohusu Magila na vituo vya jirani, nakala ya kwanza italetwa hapa.

Wako katika Kristo,

Padre Dkt. Petro J. Mhina
Mhadhiri, Historia ya Kanisa

Nakala:
Baba Askofu
Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo
Mkuu wa Taaluma
Mhasibu