Mpangilio wa Daraja: karata tisa za wachumba wa Dar es Salaam na Toronto

Swali lililoletwa mezani: "Tuko mbali mwaka wa tatu sasa. Tunaongea vizuri? Tunaaminiana? Na kuishi nyumba moja ni jambo linalowezekana, au tunajipa moyo tu?"

Mwulizaji ni dada wa miaka 29, anafanya kazi katika duka la dawa Kariakoo. Mchumba wake yuko Toronto, zamu ya jioni ghalani, anatoka saa tano usiku. Kishika uchumba kimeshapokelewa. Walionana mara ya mwisho miezi 14 iliyopita.

Kuna swali ambalo hatukulipa nafasi mezani, nalo ni "ananipenda?" Watu wanaopendana kwa dhati huachana kila siku kwa sababu hakuna aliyesema nani atahama na lini, na mpangilio huu umetengenezwa kutafuta majibu hayo mawili.

Pakiti ni taroti kamili ya karata 78, yaani 22 kuu na 56 ndogo, kwa picha alizochora Pamela Colman Smith mwaka 1909. Anayecheza karata za kawaida hatapotea. Kopa, pau, uru na shupaza ni majina tuliyoachiwa na Wareno, na kwao yalikuwa vikombe, fimbo, dhahabu na panga. Ndiyo mafungu yale yale ya taroti, ila dhahabu hapa ni sarafu.

Tandika kanga iliyokunjwa mara mbili. Changanya huku swali likisemwa kwa sauti, kata mafungu matatu kwa mkono wa kushoto, yarudishe pamoja, kisha panga hivi:

```
      3     4
1   7   8   9   2
      5     6
```

Anza na 1 na 2, na katikati acha nafasi ya karata tatu. Nafasi hiyo ndiyo bahari. Jaza juu (3 na 4, mawasiliano), halafu chini (5 na 6, imani). Karata za daraja, 7 hadi 9, zilale kifudifudi mpaka sita za mwanzo zisomwe. Ukizifunua mapema, kila kitu utakachosoma baadaye kitavutwa na jibu ulilokwisha kuliona, na hili ndilo kosa linaloharibu usomaji mwingi wa wapenzi. Karata iliyopinduka tunaihesabu katika 4, 6 na 8 tu, nafasi za yaliyofichika na yanayozuia. Kwingineko isimamishe wima.

1. Wewe: Fimbo Mbili. Mtu amesimama juu ya ukuta wa ngome, dunia ndogo mkononi, macho baharini. Fimbo moja ameishika, ya pili imefungwa ukutani. Una mpango, na mpango wenyewe umeushika wewe. Lakini nusu yako imefungwa hapa: kazi, wazazi, mji.

2. Yeye: Sarafu Nane. Fundi ameinamia benchi anachonga sarafu moja baada ya nyingine, na mji uko mbali nyuma yake. Hajakusahau, ila ameinama. Mtu wa karata hii huonyesha mapenzi kwa kufanya kazi zaidi, halafu hushangaa akiambiwa kwamba hayupo.

3. Kinachosemwa: Kijana wa Vikombe. Samaki anachungulia kutoka kwenye kikombe, na kijana anamtazama kwa furaha. Ujumbe mtamu, picha, sauti za "nimekukumbuka". Karata nzuri, ila ni ya kijana. Haijui bei ya tiketi.

4. Kisichosemwa: Panga Mbili, wima. Mwanamke amefungwa kitambaa machoni, panga mbili zimepishana kifuani, bahari nyuma yake. Wengi huisoma kama siri. Tazama mikono: anajizuia mwenyewe. Kuna uamuzi ambao nyote wawili mmekataa kuutazama, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Ukiiweka na ya 3, mawasiliano yenu ni mengi na matamu, na yanalizunguka jambo moja bila kuligusa.

5. Msingi wa imani: Vikombe Sita. Watoto wawili uani, vikombe vimejaa maua. Mnaaminiana kwa sababu ya mlivyokuwa kabla hajasafiri. Msingi huo ni wa kweli, lakini ni akiba: miezi 14 mnatumia bila kuweka kitu kipya.

6. Kinachoila imani: Mwezi, wima. Hapa tunakaa kidogo, maana karata hii imewagombanisha wengi bure. Mbwa na mbwamwitu wanabweka, kiumbe anatambaa kutoka majini, njia inapita kati ya minara miwili. Msomaji mwenye haraka atasema "ana mwingine". Mwezi hausemi hivyo. Unasema mwanga ni hafifu, na akili inachora yenyewe.

Tuuteremshe kwenye saa. Wakati wa kiangazi Toronto iko nyuma ya Dar kwa saa 7, kwa hiyo akitoka kazini saa tano usiku kwenu ni saa kumi na mbili asubuhi, na hapo ndipo mmezoea kuongea kabla hujaenda Kariakoo. Jumapili ya kwanza ya Novemba wao hurudisha saa nyuma, tofauti inakuwa saa 8. Unapiga saa ile ile ya kwenu, huko ni saa nne usiku, bado yuko ghalani, simu haipokelewi. Siku ya tatu moyo umeshaandika hadithi nzima. Sogezeni simu hadi saa moja asubuhi mpaka Jumapili ya pili ya Machi, kisha mwone kinachobaki cha hofu hiyo. Kikibaki, kiulizwe wazi, kwa sauti, si kwa maandishi.

Sasa funua daraja.

7. Nani anavuka: Panga Sita. Mwanamke na mtoto kwenye mtumbwi, mtu anasukuma kwa upondo, panga sita zimechomekwa sakafuni. Anayevuka ni wewe. Wasomaji wa zamani huonya kwamba ukizing'oa panga maji yataingia: huzuni ya kuwaacha wazazi utasafiri nayo, usisubiri iishe kwanza.

8. Kizuizi cha kweli: Haki, iliyopinduka. Mizani na upanga. Makaratasi hayajakamilika, au mmoja anabeba gharama zote. Orodhesheni hati na pesa mezani, nani analipa nini. Karata ya 4 ilikuwa inalilinda jambo hili.

9. Mwaka mmoja mbele, mkiendelea hivi: Sarafu Saba. Mkulima ameegemea jembe, sarafu sita kwenye mti, moja miguuni. Kitu kimeota, mavuno bado. Inawezekana, ila si ndani ya mwaka huu kwa mwendo huu.

Hesabu mafungu kabla hujakunja kanga. Karata kuu, zile za mambo yaliyo nje ya uwezo wa mtu, ni mbili kati ya tisa, Mwezi na Haki, kwa hiyo mengi yako mikononi mwenu. Fimbo, fungu la moto, ni moja tu, na iko kwako. Moto wa kuanzisha mambo unatoka upande mmoja, na hili linatupa wasiwasi kuliko Mwezi. Mwache yeye ataje tarehe, wewe usimtajie.

Usirudie mpangilio usiku huu, wala wiki hii. Tandika tena baada ya miezi mitatu, au siku tarehe itakapotajwa, na uanze kwa kutazama karata ya 2: kama bado ameinama.